Mstari wa kukadiria maji ya tangi unapigwa upya kila dashibodi ikirifreshi, lakini bauza ikimwaga maji unapotea kabisa

Keja_Mirema (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Nasimamia ploti ya nyumba za kupangisha huku Mirema. Tuna tangi moja la lita 10,000. Maji ya kanjo huja kwa mgao, na yakikawia tunaita bauza, ambayo inataka taarifa karibu siku nzima kabla ya kufika. Kwenye mfuniko wa tangi kuna kihisi kinachopima umbali hadi kwenye maji na kutuma lita zilizobaki kila baada ya saa 6. Kinatumia betri, ndiyo maana hakitumi mara nyingi.

Dashibodi ina grafu ya vipimo, na juu yake mstari mmoja ulionyooka unaopita katikati ya vipimo vya saa 24 zilizopita, kisha unaendelea mbele hadi ukute sifuri. Kila ukurasa ukirifreshi, hesabu ya mstari inafanywa upya. Kazi yake ni moja tu: keateka ajue aite bauza lini.

Wiki hii vipimo vilikuwa hivi. Jumatano saa 12 asubuhi lita 9,200, saa 6 mchana 8,000, saa 12 jioni 7,100, saa 6 usiku 5,800, na Alhamisi saa 12 asubuhi 4,900. Hadi hapo mstari ulikuwa na akili. Kisha asubuhi hiyohiyo bauza ikaleta lita 5,000, na kipimo cha saa 6 mchana kikawa 8,900. Ukurasa uliporifreshi, dashibodi ikaandika kwa herufi kubwa "MAJI YATAISHA BAADA YA SIKU 42". Ploti nzima inajua lita 8,900 hazimalizi siku mbili.

Nauliza mambo mawili. Huu mstari nirekebishe vipi bila kuacha kuupiga upya kila mara? Na niandike nini pale juu ili mtu ajue ni kadirio, si kipimo?

---

Odhis_Grafu

Mkubwa, shida ni kwamba umelazimisha mstari ulionyooka kwa data iliyopinda. Weka mkunjo wa daraja la pili au la tatu na utapita karibu na vipimo vyote, hata hicho cha bauza. Halafu onyesha R² pembeni, ile namba ya 0 hadi 1 inayosema mstari umekaa karibu kiasi gani na vipimo. Ikiwa juu ya 0.9 uamini mstari, ikiwa chini usiuamini. Kupiga upya kila rifreshi ni sawa kabisa, hilo usiliguse.

---

Duka_Kayole

Hii kitu mimi nimeitaka sana kwa floti ya M-Pesa. Nina duka na wakala hapa Kayole, na floti huisha saa mbaya, hasa mwisho wa mwezi. Niliweka hesabu kwenye Google Sheets, `FORECAST.LINEAR`, inaniambia floti itafika sifuri saa ngapi. Siku nyingine inasema saa 8 mchana, nikirudi kuangalia imesema kesho kutwa, halafu inasema iliisha jana! Sasa nyinyi mnasema kuipiga upya ndiyo dawa? Mimi naona ndiyo ugonjwa. Si afadhali upige asubuhi mara moja uuache?

---

Wanja_Takwimu

Keja, nimechukua hizo namba zako nikazipiga kwa karatasi, kwa sababu ni chache na zinaonyesha kila kitu.

Chukua vile vipimo vitano vya kwanza, kabla ya bauza. Mstari unaopita katikati yake unashuka lita 180 kwa saa. Kwenye kipimo cha mwisho, Alhamisi saa 12 asubuhi, mstari unasema kuna lita 4,840, na kihisi kilisema 4,900. Tofauti kubwa kuliko zote kati ya mstari na kipimo ni lita 120. Huo ni mstari mzuri.

Sasa ongeza kipimo cha bauza. Kwa sababu unaangalia saa 24 tu, kile cha 9,200 kinadondoka nyuma na kinabaki 8,000, 7,100, 5,800, 4,900 na 8,900. Mstari wa hivyo vitano unashuka lita 6 na ushee kwa saa. Kutoka 180 hadi 6! Wapangaji hawakupunguza matumizi hata tone, ila ule mruko mmoja umefuta mteremko wote. Ukiuendeleza mpaka sifuri unapata zaidi ya saa 1,000 kutoka kipimo cha mwisho, ndizo hizo siku zako 42.

Hakuna kilichoharibika hapo kwenye programu, na hilo ndilo linalonipa wasiwasi. Hesabu ni sahihi kwa data iliyopewa. Haitoi onyo lolote, na inakosea upande ule wa hatari, wa kumwambia keateka alale.

Dawa ni kukata data pale tangi lilipojazwa. Kipimo kikipanda kuliko kilichotangulia kwa zaidi ya lita 300, hesabu kwamba kipande kipya kimeanza, na mstari uone vipimo vya kipande hicho tu. Nimesema 300 kwa sababu kihisi chako kinayumba kama lita 100 juu na chini. Ukiweka 50, kila kutikisika kwa maji kutaonekana kama bauza.

Kama unatumia Python ni mistari michache:

```python
tangu = data[data["muda"] >= kujazwa_mwisho].tail(5)
saa = None
if len(tangu) >= 4:
    x = (tangu["muda"] - tangu["muda"].iloc[-1]).dt.total_seconds() / 3600
    m, b = np.polyfit(x, tangu["lita"], 1)
    if m < -20:
        saa = (500 - b) / m
```

Angalia mambo mawili humo. Muda unahesabiwa kutoka kipimo cha mwisho, kwa masaa halisi, si kwa namba ya safu. Kihisi kikiruka zamu moja, namba za safu zitadhani saa 12 ni saa 6 na mteremko utaonekana mkali kuliko ulivyo. Pili, mstari ukiwa karibu ubapa, `saa` inabaki `None` na dashibodi isiseme tarehe yoyote. Kugawanya kwa namba iliyo karibu na sifuri ndiko kunakozaa siku 42.

---

FundiPampu

Dada Wanja umeweka 500 hapo, hongera, wengi husahau. Mimi ni wa mabomba. Tangi haliishi kwenye sifuri. Bomba la kutokea huwa juu kidogo ya sakafu ya tangi, na chini yake kuna matope. Maji yakifika hapo pampu inavuta hewa, na wapangaji wa juu wanakosa maji huku skrini ikisema bado yapo. Keja, panda upime mwenyewe urefu wa hilo bomba. Huenda ni 500, huenda ni 700.

Kingine, hivi vihisi vya sauti vya bei nafuu havioni kitu kilicho karibu sana navyo, kama sentimita 20 hivi. Tangi likijaa mpaka juu, kihisi kinatoa namba ileile au namba za ovyo hadi maji yashuke. Kwa hivyo kipimo cha kwanza au cha pili baada ya kujaza usikiamini sana. Kama kimefungwa chini ya mfuniko bila nafasi, kiinue kwa kipande cha bomba.

---

Odhis_Grafu

Wanja, sawa, kukata kipande nakubali. Lakini hujanijibu kuhusu mkunjo na R².

---

Wanja_Takwimu

Nakujibu, Odhis. Mkunjo wa daraja la pili kwenye vile vipimo vitano vyenye bauza unapinda juu, kwa sababu cha mwisho kimepanda. Uendeleze saa 6 tu mbele na unasema kuna lita karibu 11,900 ndani ya tangi la lita 10,000. Mkunjo unasogea karibu zaidi na vipimo ulivyonavyo kuliko mstari, kisha unaruka pale usipokuwa navyo, na sisi tunautaka kwa ajili ya huko mbele tu.

Kwa R² una hoja, ila si yote. Kwa mstari wa siku 42, R² ilikuwa karibu sifuri, na mtu angeiona angeshtuka. Lakini kwa mstari mzuri wa kabla ya bauza R² ni 0.997, na bado kadirio lake si la dakika. Mteremko wa lita 180 umetokana na vipimo vitano tu. Ukihesabu uwezekano wa kukosea kwa kawaida, unaweza kuwa popote kati ya 162 na 198. Hiyo ina maana maji yangefika lita 500 wakati wowote kuanzia saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa hadi saa 4 asubuhi, katikati ikiwa saa 12 asubuhi. Saa saba za mashaka, na R² ya 0.997! Namba hiyo inasema mstari umekaa vizuri kwenye jana. Keateka hawezi kuitafsiri, na usimpe.

Na hata hizo saa saba ni finyu kuliko ukweli, kwa sababu zinachukulia kwamba kesho watu watatumia maji kama leo. Jumamosi watu wanafua.

---

Duka_Kayole

Na mimi je?

---

Wanja_Takwimu

Ndugu yangu wa Kayole, floti yako si tangi. Tangi la Keja lina mwelekeo mmoja, linashuka hadi lijazwe. Floti inashuka mteja akiweka pesa na inapanda akitoa, siku nzima, kwa hivyo hakuna kipande kirefu cha kushuka ambacho mstari unaweza kukishika. Kuupiga upya kunakuonyesha tu kwamba mstari hauna msimamo, na hiyo ni habari ya kweli. Ukiupiga asubuhi mara moja ukauacha, mashaka yale yale yatakuwepo ila hutayaona. Kwa floti yako ningetazama siku kama hiyo za nyuma, mwisho wa mwezi kwa mwisho wa mwezi, nione saa za asubuhi floti ilikuwa inapungua kiasi gani. Mstari achana nao.

---

Duka_Kayole

Mwisho wa mwezi kwa mwisho wa mwezi. Nina daftari la mwaka mzima. Nitajaribu. Asante dada.

---

Keja_Mirema

Asanteni sana. Nimekata kipande leo mchana na siku 42 zimetoweka. Sasa swali la pili, la maandishi. Nimejaribu kuandika "Utabiri" juu ya mstari. Mwenye nyumba bado anausoma kama ahadi. Anapiga simu, "mlisema Ijumaa saa 12 na dakika 6".

---

Nyokabi_Ubunifu

Hapo ndipo kazi yangu ilipo, nakuja. Dakika 6 aliipata wapi? Kwenye skrini. Ukimwonyesha mtu dakika, umemwambia unaijua dakika. Wanja amesema mashaka ni ya saa saba, basi andika masafa hayo, usiandike nukta. Neno "kadirio" peke yake haliwezi kushindana na "06:06" iliyoandikwa kwa herufi kubwa chini yake.

Mstari wenyewe uwe wa vipande-vipande na rangi iliyofifia, na uanze baada ya kipimo cha mwisho. Vipimo viwe nukta nzito. Usiunganishe nukta ya mwisho na mstari wa kadirio kana kwamba ni kamba moja, jicho litasoma kwamba kihisi kiliendelea kupima hadi Ijumaa. Ungeweza hata kufanya eneo la kadirio liwe na kivuli, likipanuka kadiri linavyokwenda mbele, kutoka kwenye mteremko wa 162 hadi ule wa 198.

Na jambo moja ambalo kwa ploti za Nairobi lina uzito kuliko yote haya. Keateka hapeleki dashibodi kwa wapangaji. Anapiga picha ya skrini na kuituma kwenye grupu la WhatsApp. Kama maelezo yako yanatokea tu mtu akigusa mstari, au yako chini ya ukurasa, kwenye picha hayapo. Inabaki namba na mstari, na picha hiyo inasambazwa hadi kesho yake. Lebo ikae ndani ya grafu yenyewe, kando ya mstari, na ibebe saa ya kipimo cha mwisho.

---

Wanja_Takwimu

Naunga mkono hiyo ya saa ya kipimo, kwa mkono na mguu. Keja, ukurasa wako unarifreshi kila dakika ngapi?

---

Keja_Mirema

Kila dakika 1.

---

Wanja_Takwimu

Na kihisi kinatuma kila saa 6. Kwa hiyo kati ya kipimo na kipimo unapiga mstari uleule mara 360. Hakuna ubaya, hesabu ni ya bure. Ubaya ni pale juu ya ukurasa palipoandikwa "Imesasishwa sasa hivi". Kilichosasishwa ni ukurasa. Betri ikifa leo, ukurasa utaendelea kusema sasa hivi, na mstari utakaa palepale ukionekana mbichi.

Kuna hali mbaya zaidi ya hiyo. Vifaa vingine vya kupokea ujumbe, kihisi kikinyamaza, vinarudia kutuma namba ya mwisho vikiwa vimeibandika saa mpya. Mstari wako utaona 4,900, 4,900, 4,900, na kila ukiupiga upya unalala zaidi, tarehe inasogea mbele polepole. Utaijua kwa jinsi inavyofanana kupita kiasi: kihisi kinachoyumba lita 100 hakiwezi kutoa namba ileile mara tatu mfululizo. Ikitokea hivyo, ficha mstari uandike kwamba kihisi hakijabadilika tangu saa fulani.

Lebo yako ningeiandika hivi:

"KADIRIO: maji yatafika lita 500 kati ya saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa na saa 4 asubuhi, matumizi yakibaki kama ya saa 24 zilizopita. Kipimo cha mwisho: Alhamisi saa 12 asubuhi, lita 4,900."

Kuna jambo jingine ambalo kupiga upya kunaliharibu, na watu hawalioni hadi mzozo uanze. Kila mstari mpya unafuta wa zamani. Mwenye nyumba akisema "mlisema Ijumaa", huna cha kumwonyesha. Kwa hivyo kila asubuhi saa 12 hifadhi kadirio moja kwenye jedwali lake: lilifanywa lini, lilisema nini, mteremko ulikuwa ngapi. Jedwali hilo liwe mbali na la vipimo, lisije likachanganyika nalo na kesho ukapiga mstari juu ya makadirio yako mwenyewe. Kisha maji yakifika 500 kweli, unalinganisha. Tangi likijazwa kabla ya kufika huko, huwezi kujua kama kadirio lilikuwa sawa, na usijihesabie kwamba lilipatia.

---

Odhis_Grafu

Hapo kwa kuhifadhi umenishika. Nitaiga.

Lakini nina swali kwa hii ya kukata kipande. Bauza ikija, kipande kipya kina kipimo kimoja. Wanja anataka vinne. Kwa kihisi cha saa 6, hiyo ni saa 18 bila mstari wowote. Na tangi lenyewe linadumu chini ya siku mbili! Yaani zaidi ya theluthi ya muda keateka hana kitu. Si afadhali ubebe ule mteremko wa lita 180 wa kipande kilichopita, uuanzishe kwenye 8,900? Kutoka 8,900 hadi 500 ni lita 8,400, gawanya kwa 180, unapata kama saa 47. Hilo ni jibu zuri.

---

FundiPampu

Nakubaliana na Odhis. Watu walewale, mabafu yaleyale.

---

Wanja_Takwimu

Mimi sina raha nalo. Maji yakiwa mengi watu hubadilika. Waliokuwa wanabana wanafua mapazia, na mashine za kufulia zinawashwa siku ileile bauza imekuja. Mteremko wa siku za kubana unaweza kuwa mdogo kuliko wa siku za kujaa, na utakosea upande ule ule wa hatari. Ningeacha wazi niandike "Tangi limejazwa leo, kadirio bado", na ningeongeza vipimo viwe kila saa kwa siku hiyo ya kwanza hata kama betri inaumia. Hapo saa 6 zinatoa vipimo sita, ingawa mstari wa mchana peke yake hautajua matumizi ya usiku.

---

Nyokabi_Ubunifu

Nafasi tupu keateka ataijaza mwenyewe, Wanja. Ataangalia picha ya jana kwenye WhatsApp. Afadhali mteremko wa kubeba, wenye rangi nyingine na maneno "kwa kasi ya kabla ya kujazwa", kuliko picha ya jana isiyo na maelezo.

---

Keja_Mirema

Kwa sasa nimeweka wa kubeba kama alivyosema Nyokabi, kwa rangi ya kijivu, na nimewasha kipimo cha kila saa kwa saa 24 baada ya kujaza. Jedwali la makadirio limeanza leo, lina safu mbili kwa kila kujazwa: kasi iliyobebwa, na kasi halisi kipande kipya kikifika vipimo vinne. Bauza zikipita kadhaa nitazileta hapa tuone kama Wanja ana haki kuhusu mapazia. Na FundiPampu, nilipanda. Bomba liko juu kuliko nilivyodhani, ni lita 650. Nimebadilisha ile 500.

---

FundiPampu

650 ni nyingi. Siku utakayomwaga tangi kuliosha, niite nilishushe hilo bomba.